Kubadili sarafu ya ankara hakupunguzi bei ya mafuta

Oktoba 2025 Wizara ya Fedha ya Kenya ilitangaza kwamba mikopo mitatu ya ujenzi wa reli, iliyokuwa imechukuliwa kwa dola kutoka Benki ya Exim ya China, imegeuzwa kuwa mikopo ya yuani, na kwamba hatua hiyo itaipunguzia nchi mzigo wa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Wengi waliisoma habari hiyo kama mwanzo wa kuiaga dola, na hoja iliyofuata haikuwa ngumu kuibashiri: ikiwa deni la reli linaweza kulipwa kwa yuani, basi mafuta nayo yanunuliwe kwa yuani, au kwa dirhamu za huko Ghuba yanakotoka, ili bei ya petroli na dizeli ishuke. Hoja hiyo inavutia, na wanaoitoa wana kila sababu ya kuchoshwa na hali ilivyo. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba tatizo la nchi inayoagiza mafuta ni jina la sarafu lililoandikwa kwenye ankara.

Mimi naona vingine. Sarafu inayotumika kimataifa hufanya kazi tatu: hutumika kutaja bei, hutumika kulipia, na hutumika kuweka akiba. Dola imeshika nafasi yake kwa sababu ya kazi ya tatu, na zile mbili za mwanzo zinaifuata. Kwa hiyo nchi inayobadili sarafu ya kulipia, bila kugusa mahali ambapo muuzaji wake anaweka akiba, inabadili njia ya kupita tu. Gharama halisi ambayo utawala wa dola unaibebesha Kenya, Tanzania au Uganda ni kwamba kila mwezi, bila kukosa, nchi hizi hupaswa kuwa na kiasi kikubwa cha fedha ambayo hakuna benki kuu yao inayoweza kuichapa, na kwamba fedha hiyo huadimika kwa sababu zinazoamuliwa mbali na kwao.

Tuanze na hiyo akiba. Kwa takwimu za Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, dola ilikuwa karibu asilimia 71 ya akiba ya fedha za kigeni ya benki kuu za dunia mwaka 1999, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 58. Euro inafuata kwa takriban asilimia 20, na yuani ina kama asilimia 2. Wanaotabiri kuanguka kwa dola huushika mteremko huo wa kutoka 71 hadi 58, na ni kweli kwamba mteremko upo. Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba sehemu kubwa ya kilichoondoka kwenye dola haikuhamia kwa mshindani mmoja. Ilitawanyika kwenye sarafu ndogo zenye masoko huru, kama dola za Kanada na za Australia na woni ya Korea Kusini, pamoja na yuani kiasi. Tangu mwaka 2022 benki kuu zimeongeza pia ununuzi wa dhahabu kwa kasi. Hata hivyo, kwenye masoko ya kubadilisha fedha hali haijasogea: uchunguzi wa Benki ya Malipo ya Kimataifa ya Basel wa mwaka 2022 ulikuta dola ikiwa upande mmoja wa asilimia 88 ya miamala yote.

Kwa nini hali iko hivyo? Benki kuu haiweki noti kabatini; hununua hatifungani na hati za muda mfupi, yaani huikopesha serikali ya nchi yenye sarafu hiyo, ili akiba ipate riba na iweze kuuzwa haraka siku ya shida. Soko la hatifungani za Serikali ya Marekani lina thamani ya zaidi ya dola trilioni 25, na mtu anayetaka kuuza za dola bilioni moja asubuhi huuza bila kuitikisa bei. Serikali za Ulaya nazo hukopa, lakini kila moja kwa jina lake, na hatifungani ya Italia si sawa na ya Ujerumani machoni pa mwenye akiba. China ina soko kubwa la hatifungani, ila serikali yake inadhibiti fedha zinazoingia na kutoka, na akiba ambayo ni lazima uombe ruhusa kuitoa haifai kwa siku ya shida. Uswisi ina sifa njema na soko dogo. Ndiyo maana mwaka 2008, balaa la fedha lilipoanzia Marekani kwenyewe, wawekezaji walikimbilia hatifungani za Marekani hiyo hiyo.

Juu ya hapo kuna nguvu ya mazoea ya wengi, ambayo watu wa pwani wasingepaswa kuelezwa, kwa kuwa mababu zao walifanya biashara kwa reale ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, iliyoendelea kuchongwa na tarehe ya 1780 muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufariki. Hakuna mfanyabiashara wa Unguja aliyeipokea kwa kuipenda Austria. Aliipokea kwa sababu alijua atakayemuuzia kesho ataipokea pia.

Leo nguvu hiyo inaonekana vizuri kwenye mnada wa chai wa Mombasa, ambako chai ya Kericho na ya nchi jirani huuzwa kwa dola. Mnunuzi mkubwa kuliko wote ni Pakistan. Mpakistani hana shilingi za Kenya na mkulima wa Kericho hana haja na rupia za Pakistan, kwa hiyo wote wawili hukutana kwenye sarafu ya nchi ya tatu ambayo haikulima wala haitakunywa chai hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Pakistan iliishiwa dola kiasi kwamba makontena ya chai yalikwama bandarini Karachi kwa kuwa benki hazikuweza kuyalipia. Wakati huo huo kampuni za mafuta za Kenya zilikuwa zikilalamika kwamba benki za Nairobi haziwapi dola za kutosha kulipia shehena kutoka Ghuba. Chai ilikuwepo, mafuta yalikuwepo, wanunuzi na wauzaji walikuwepo. Kilichopungua kilikuwa ni chombo cha kuwaunganisha, na upungufu wa mmoja uliongeza upungufu wa mwingine. Kwa maoni yangu tukio hilo linaeleza gharama ya utawala wa dola kuliko hotuba nyingi zinazotolewa kuuhusu.

Hapo ndipo panapofaa kuzungumzia mafuta na hadithi inayoyazunguka. Juni 2024 ulisambaa mitandaoni uvumi kwamba mkataba wa miaka 50 kati ya Marekani na Saudi Arabia, ulioilazimisha Saudia kuuza mafuta kwa dola pekee, ulikuwa umemalizika na kwamba Saudia imekataa kuurefusha. Mkataba wa namna hiyo haukuwapo. Kilichotiwa saini Juni 1974 kilikuwa ni makubaliano ya kuunda tume ya pamoja ya ushirikiano wa kiuchumi. Sambamba nacho, Waziri wa Fedha wa Marekani William Simon alikwenda Saudia mwaka huo huo na kufikia maelewano ya siri kwamba fedha za mafuta zitawekezwa kwenye hatifungani za Serikali ya Marekani. Siri hiyo ilitunzwa hadi mwaka 2016, Hazina ya Marekani ilipoanza kutangaza kiasi ambacho Saudia inamiliki.

Mpangilio wa mambo hayo una maana yake. Mafuta yalikuwa yakitajwa kwa dola kabla ya 1974, kwa kuwa kampuni zilizoyachimba na kuyauza zilikuwa kwa sehemu kubwa za Kimarekani na kwa kuwa tangu mkutano wa Bretton Woods wa mwaka 1944 dola ndiyo iliyofungwa kwenye dhahabu, kwa bei ya dola 35 kwa aunsi. Rais Nixon alipoifungua dola kutoka kwenye dhahabu Agosti 1971, wengi walitarajia iporomoke kama sarafu ya akiba. Bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, wauzaji walijikuta na fedha nyingi kuliko walizoweza kuzitumia kwao, na swali lao lilikuwa wapi pa kuziweka. Kulikuwa na soko moja tu lenye kina cha kuzipokea. Maelewano ya Simon yaliharakisha jambo hilo na kulipatia heshima za kidiplomasia, lakini hayakuliumba. Ndiyo maana nasema mafuta yanaifuata dola kuliko dola inavyoyafuata mafuta.

Tukilielewa hilo, pendekezo la kulipia kwa dirhamu linapoteza nguvu haraka. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.75 tangu mwaka 1986, na dirhamu ya Imarati kwa 3.6725 tangu 1997; riyali ya Omani nayo imefungwa vivyo hivyo. Wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Darajani wanaokwenda Dubai kila mara wanakijua kiwango hicho kwa moyo, maana hakibadiliki. Dirhamu ni dola iliyovaa kanzu. Ikiwa dola inapanda dhidi ya shilingi, dirhamu inapanda kwa kiasi kile kile siku ile ile, na benki ya Nairobi inayotafuta dirhamu huzipata kwa kuuza dola.

Yuani ni habari tofauti kidogo, kwa sababu haikufungwa moja kwa moja kwenye dola, na hapa tulirudie lile deni la reli. Sehemu kubwa ya mikopo ile ilikuwa na riba isiyotulia, inayofuata viwango vya soko la dola. Ilipokopwa, kuanzia mwaka 2014, viwango hivyo vilikuwa chini sana. Benki Kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba yake Machi 2022, kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 kufikia Julai 2023, malipo ya riba ya reli yalipanda bila Kenya kukopa hata senti moja zaidi. Riba za yuani zilikuwa chini kwa kiasi kikubwa, na tofauti hiyo ya riba ndiyo inayoleta nafuu ya dola milioni 215 kwa mwaka. Ni uamuzi wa busara na ningeuunga mkono. Lakini Kenya huagiza kutoka China bidhaa nyingi mno kuliko inazouza huko, kwa hiyo yuani za kulipia deni hazitatoka kwenye mauzo. Zitanunuliwa, na zitanunuliwa kwa dola zinazotokana na chai, maua, utalii na fedha zinazotumwa na Wakenya walioko ng'ambo, ambao zaidi ya nusu ya fedha zao hutoka Marekani. Faida ya hatua ile ni ya riba. Kwenye mafuta hakuna riba ya namna hiyo ya kupunguzwa: pipa lina bei moja ya dunia, na muuzaji wa Abu Dhabi anayepokea yuani ataigeuza bei hiyo kwa kiwango cha siku, kisha ataongeza kidogo kwa usumbufu wa kuzibadilisha.

Upande wa pili wa mjadala una hoja zenye uzito zaidi, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni ya kisiasa. Mwaka 2022 nchi za Magharibi zilizuia takriban dola bilioni 300 za akiba ya Benki Kuu ya Urusi, na tangu hapo kila serikali inayohofia kugombana na Washington imekuwa na sababu ya kutafuta pengine pa kuweka kitu. Hoja hiyo ni ya kweli, na inaeleza kwa kiasi kikubwa ununuzi wa dhahabu niliougusia. Ila ni hoja ya nchi yenye akiba kubwa na maadui wakubwa, na haiigusi sana nchi ambayo tatizo lake ni kutimiza akiba ya kutosha miezi minne ya uagizaji. Ya pili ni ya haki: Marekani inakopa kwa sarafu yake yenyewe na kwa riba nafuu kwa sababu dunia nzima inalazimika kuishika, jambo ambalo Valéry Giscard d'Estaing, alipokuwa Waziri wa Fedha wa Ufaransa miaka ya 1960, alililalamikia waziwazi. Nalo ni kweli. Hata hivyo, kulijua hakumwoneshi mwagizaji wa mafuta sarafu nyingine anayoweza kuishika kesho asubuhi.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba biashara kwa sarafu za wenyewe kwa wenyewe tayari imethibitisha kuwa inawezekana, na mfano unaotolewa ni India na Urusi. India iliongeza mno ununuzi wa mafuta ya Urusi baada ya vita vya Ukraine, na sehemu ya malipo ikafanywa kwa rupia. Mei 2023, akiwa Goa, Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi Sergei Lavrov alieleza kwamba Urusi ina mabilioni ya rupia kwenye benki za India na kwamba haiwezi kuzitumia mpaka zibadilishwe kuwa sarafu nyingine. Urusi ilikuwa inaiuzia India vingi na kununua vichache, kwa hiyo rupia zilirundikana. Ikiwa rupia ya India, yenye uchumi mkubwa hivyo nyuma yake, ilimshinda muuzaji aliyekuwa tayari kuipokea, tujiulize Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, itazifanyia nini shilingi bilioni 70 za Kenya kila mwezi. Itanunua parachichi na nyama ya mbuzi, na zitakazobaki itazipeleka sokoni kuzibadilisha, na hapo shilingi itashuka kama ambavyo ingeshuka iwapo Kenya ingetafuta dola yenyewe.

Sasa tuingie kwenye maana ya yote haya kwa mwagizaji, na mfano wa Kenya wa mwaka 2023 unatosha kwa kuwa ni jaribio lililofanyika kweli. Kenya haijasafisha mafuta ghafi tangu kiwanda cha Changamwe kilipofungwa mwaka 2013; kila lita ya petroli na dizeli huingia ikiwa tayari. Chini ya utaratibu wa zabuni ya wazi, kampuni iliyoshinda iliagiza shehena kwa niaba ya wenzake wote, nao walitakiwa kulipia mgawo wao kwa dola ndani ya siku chache. Mahitaji ya sekta hiyo yalikadiriwa kuwa takriban dola milioni 500 kwa mwezi, na yote yalielekezwa kwenye soko dogo la dola la Nairobi kwa wakati mmoja. Machi 2023 Serikali iliubadilisha mfumo. Iliingia makubaliano na kampuni za kiserikali za Ghuba, yaani Aramco, ADNOC na ENOC, ambazo zingeleta mafuta kwa mkopo wa siku 180, huku benki zikihakikisha malipo. Wauzaji wa ndani wangelipa kwa shilingi, shilingi hizo zingekaa kwenye akaunti maalumu, na zingebadilishwa kuwa dola taratibu kabla ya siku ya kulipa. Rais William Ruto aliwaonya hadharani waliokuwa wameficha dola kwamba watapata hasara, kwa kuwa shilingi ingeimarika.

Mpango huo haukubadili sarafu ya ankara. Ulibadili tarehe, na kwa miezi sita soko lilipumua kweli. Lakini mkopo wa siku 180 haupunguzi dola zinazohitajika hata moja. Unaziahirisha tu, na anayeahirisha anabeba hatari ya kiwango cha kubadilishia fedha kwa muda wote huo. Tuchukue shehena ya dola milioni 50 iliyopokelewa Aprili 2023, dola ilipokuwa karibu shilingi 134. Ikiuzwa kwa kiwango hicho, inaleta shilingi bilioni 6.7. Malipo yanafika Oktoba, dola ikiwa karibu shilingi 149, na deni lile lile sasa linahitaji shilingi bilioni 7.45. Pengo ni shilingi milioni 750 kwa shehena moja. Pengo hilo halina mwenyewe: ama mwagizaji analibeba, ama linaingizwa kwenye bei ya mwezi unaofuata kupitia kiwango cha kubadilishia kinachotumika kwenye hesabu ya mdhibiti wa bei za mafuta, ama linafidiwa na Serikali. Vilevile ahadi za miezi sita zilipolundikana, kila aliyefuatilia soko alijua kwamba kuanzia vuli hiyo kungekuwa na mnunuzi mkubwa wa dola kila mwezi, na matarajio hayo yenyewe yaliisukuma shilingi chini. Januari 2024 IMF iliandika kwamba mamlaka za Kenya zinakusudia kutoka kwenye mpango huo kwa sababu ya namna ulivyovuruga soko la fedha za kigeni; badala yake mkataba uliongezwa muda.

Athari yake kwa bei inaonekana tukilihesabu pipa kwa shilingi. Juni 2022 pipa la Brenti, mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei ya dunia, lilikuwa karibu dola 120 na dola ilikuwa karibu shilingi 117, maana yake pipa moja liligharimu takriban shilingi 14,000. Septemba 2023 pipa lilikuwa limeshuka hadi karibu dola 94, lakini dola ilikuwa imefika shilingi 147, na pipa likagharimu takriban shilingi 13,800. Dunia ilipata nafuu ya zaidi ya moja ya tano, tuseme asilimia 22, na Mkenya akapata chini ya asilimia 2. Petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023. Si yote yaliyotokana na dola, kwa kuwa ruzuku ilikuwa imepunguzwa mno na kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, lakini nafuu ya soko la dunia, ambayo ingepunguza makali ya kodi hiyo, ilimezwa njiani.

Zamani mambo hayakwenda hivyo daima. Kwa miaka mingi bei ya mafuta na nguvu ya dola zilielekea pande tofauti: dola ikipanda, mafuta yakashuka, na mwagizaji akapata kinga ya aina fulani bila kuiomba. Kinga hiyo imedhoofika. Marekani, iliyokuwa mwagizaji mkubwa kuliko wote, iligeuka kuwa nchi inayouza nje mafuta na bidhaa zake kuliko inavyoagiza kuanzia mwaka 2020, na bei ikipanda sasa uchumi wake haumizwi kama zamani. Mwaka 2022 mafuta na dola vilipanda pamoja. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko ambalo mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wangepaswa kulijadili, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko mengine.

Kisha ukaja ushahidi ambao naona unamaliza ubishi juu ya ankara. Hofu kubwa iliyokuwa ikiiangusha shilingi ilihusu hatifungani ya dola bilioni 2 ambayo Kenya ilipaswa kuilipa Juni 2024. Februari mwaka huo ilikopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la kimataifa, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, na kununua mapema sehemu kubwa ya deni lile la zamani. Ndani ya wiki chache dola ilishuka kutoka karibu shilingi 160 hadi karibu 130. Mafuta yaliendelea kuletwa na kampuni zile zile, kwa mkopo ule ule wa siku 180 na kwa ankara zile zile za dola. Kilichobadilika ni imani ya soko kwamba Kenya itazipata dola inapozihitaji. Waliopokea mafuta Oktoba na kuyalipia Aprili walijikuta na ziada badala ya pengo.

Kutokana na hayo, hatua zinazostahili kupimwa ni zile zinazopunguza idadi ya dola zinazohitajika kwa mwezi, au zinazoongeza zile zilizopo wakati wa ukame wa dola. Benki Kuu ya Tanzania imechukua njia ya pili kwa kununua dhahabu ya ndani kwa shilingi, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kuiuzia. Faida yake ni kwamba akiba inaongezeka bila kutumia dola kuinunua. Tahadhari yake inatoka Ghana, ambako mpango wa kubadilishana dhahabu kwa mafuta ulioanza kuleta shehena Januari 2023 ulisitishwa mwaka 2025 baada ya kuitia hasara benki kuu. Dhahabu inafaa kukaa kwenye akiba. Kuifanya benki kuu kuwa mfanyabiashara wa mafuta ni jambo jingine kabisa.

Njia ya kwanza imechukuliwa kwa ukali zaidi na Ethiopia, ambayo mwanzoni mwa mwaka 2024 ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi yasiyotumia umeme, na sababu iliyotolewa waziwazi ilikuwa uhaba wa fedha za kigeni. Gari la umeme na betri yake nalo hununuliwa kwa dola, lakini mara moja, ilhali petroli hununuliwa kwa dola kila wiki kwa maisha yote ya gari. Umeme wa mabwawa ya Ethiopia, au wa mvuke wa Olkaria, au gesi ya Songo Songo inayojazwa kwenye magari ya Dar es Salaam, huuzwa kwa sarafu ya nchini kwa sehemu kubwa. Bodaboda na mabasi ya mijini yanaweza kuhama hivyo ndani ya miaka michache. Malori yanayopanda kutoka Mombasa kwenda Kampala na kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hayataweza upesi hivyo, na dizeli yao itaendelea kudai dola. Kwa kiasi hicho kilichobaki, swali la kuuliza wizara ya fedha ni dola ngapi za mafuta zitadaiwa katika kila mwezi wa nusu mwaka ujao, na ni nani aliyebeba hatari ya kiwango cha kubadilishia hadi siku ya kulipa.